Saiti yako iko na AVIF, na bado binamu yangu amerudi kuuza viatu kwa status

Niseme mapema ndio tusikosane vibaya: sina shida na WebP, sina shida na AVIF. Nazitumia zote mbili. Shida yangu ni nyinyi mafundi wa saiti mnaomwambia mteja "tumeoptimaizi picha" na kwa ukweli mmebadilisha tu herufi za mwisho za jina la faili, mkaweka `loading="lazy"` kila mahali kama chumvi, mkachukua pesa na kwenda.

Nina binamu anauza raba za mitumba. Miaka miwili ameuza kwa status ya WhatsApp, na ameuza vizuri. Mwaka huu akasema anataka kitu serious, akamlipa fundi amtengenezee saiti. Saiti ikatoka smati, rangi poa, kitufe cha kuagiza kiko. Akaweka link kwa status. Wateja wakaanza kumtext: "Dada, hii kitu haifunguki." "Naona tu maboksi meupe." "Si uniwekee tu picha kwa status."

Baada ya wiki tatu akarudi kwa status.

Hebu fikiria hapo kidogo. Picha za status ni JPEG, fomati ya mwaka 1992, imefinywa na app ya kuchat. Saiti iko na AVIF, fomati ambayo viwango vyake vilitoka 2019, kaka mdogo wa video za AV1, ndio kitu ya kisasa kabisa watu wanaringa nayo. Na JPEG ya status ilishinda. Mimi nilitaka kujua kwa nini, kwa sababu nilikuwa mmoja wa wale wanaoambia watu "weka AVIF saiti yako iruke". Kwa hivyo nikachukua laptopu nikakaa chini na hiyo saiti.

Kitu ya kwanza: kupima. Ukifungua saiti kwa waifai ya ofisi utaona kila kitu iko sawa, na hapo ndio fundi alikuwa amepimia. Kwa Chrome ya laptopu unabonyeza F12, unaenda `Network`, unaweka alama kwa `Disable cache`, halafu kwa ile menyu imeandikwa `No throttling` unachagua 3G. Sasa unaona vile mtu wa mtandao dhaifu anaona. Mimi nilijiwekea kasi yangu mwenyewe ya kilobiti 400 kwa sekunde, kwa sababu hesabu yake ni rahisi: ni kama KB 50 kila sekunde. Shika hiyo namba, tutaitumia hadi mwisho. KB 50, sekunde moja.

Ukurasa wa viatu ulikuwa na picha 24, safu mbili, kuscroll kwenda chini, na bango moja kubwa juu. Binamu yangu anapiga picha na simu yake. Kila picha inatoka na upana wa pikseli 4000 na urefu wa 3000, JPEG ya karibu MB 3. Kwa hivyo picha 24 ni MB 72. Fundi akazigeuza zote ziwe AVIF, kila moja ikashuka hadi karibu KB 900. Jumla, karibu MB 22. Alipomwambia binamu yangu "nimepunguza asilimia 70" hakuwa anadanganya. Ni ukweli kabisa, na hauna maana.

Kwa sababu angalia simu yenyewe. Simu nyingi za bei ya chini zina skrini ya upana wa pikseli 360 kwa hesabu ya brauza. Safu mbili, kila kiatu kinapewa upana wa 180. Tuseme skrini inaweka pikseli mbili halisi kwa kila moja ya hizo, basi kiatu kinahitaji upana wa pikseli 360 za ukweli. Fundi ametuma 4000. Simu inapokea picha yenye pikseli milioni 12, inaifungua, halafu inaikunja ikae kwa nafasi ya stempu ya posta. Zile zingine zote zimelipiwa na bando la mteja na zikatupwa.

Nikafanya jaribio ambalo fundi alipaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilichukua kiatu kimoja, raba nyeupe kwa sakafu ya saruji, nikapunguza upana hadi pikseli 400, nikakiacha JPEG ileile ya zamani, kwenye ubora ambao jicho langu halioni tofauti. Kikatoka KB 26. Zidisha mara 24, ni KB 624. Kutoka MB 72 hadi chini ya MB moja, na sijagusa fomati. Halafu ndio nikageuza: WebP ikatoka KB 18, AVIF ikatoka KB 12.

Soma hizo namba polepole. Kupunguza vipimo kulikata uzito zaidi ya mara 100. Kubadilisha fomati kukakata tena mara mbili hivi. Zote ni nzuri, nazitaka zote, lakini fundi alianza na ile ndogo akaacha ile kubwa. Ni kama kubeba friji kwa bodaboda halafu unaringa umetoa trei za mayai.

Na kuna gharama nyingine ambayo hakuna fomati inaweza kuiokoa. Picha ikifunguliwa nzima kwa simu, haikai kwa memori kama KB 900. Inakaa kama pikseli, na kila pikseli inakula baiti nne. Milioni 12 mara nne ni MB 48. Picha moja! Ya pikseli 400 kwa 300 inakula chini ya nusu ya MB. Ukiwa na simu ya RAM ya GB 2 na WhatsApp na TikTok ziko nyuma, ukurasa wa picha 24 za MB 48 unaanza kukwama, skrini inaganda, brauza inajifunga na kurudi mwanzo. Mteja anasema "saiti yenu ina virusi". Hapana, ina raba za pikseli milioni 12.

Sasa tuje kwa fomati zenyewe, kwa sababu kuna wale wa upande wa pili wanaosema "JPEG inatosha, hizi zingine ni fasheni". Hao pia nina neno nao.

JPEG ni nzuri. Inafunguka kila mahali, hata kwa simu ya miaka ile. WebP ilitangazwa na Google mwaka 2010, na wao wenyewe wanasema faili inakuwa ndogo kwa asilimia 25 hadi 34 kuliko JPEG ya ubora sawa. Ukifinya JPEG na kifaa kizuri kama MozJPEG, hiyo pengo inapungua, wakati mwingine karibu inaisha. AVIF ndiyo inaruka kweli. Kwa picha za kawaida mara nyingi unapata karibu nusu ya JPEG, na ukiibana sana haitoi zile boksiboksi mbaya za JPEG, inalainisha tu, kama ngozi ya filta. Kwa mtu wa KB 50 kwa sekunde, picha 24 za JPEG ya KB 26 ni sekunde 12 na nusu. Kwa AVIF ni kama sekunde 6. Sekunde sita ni tofauti ya mtu kukaa na mtu kurudi kwa status. Kwa hivyo wewe wa "JPEG inatosha", haitoshi, na sababu yako ya zamani ya kwamba simu hazifungui imeisha. Aifoni zinafungua WebP tangu iOS 14 ya 2020, na AVIF tangu iOS 16 ya 2022. Chrome ya laptopu inafungua AVIF tangu Agosti 2020, na ya Android tangu Machi 2021.

Lakini "tangu 2020" haimaanishi kila mtu. Kuna mtu ana simu ya mkono wa pili ambayo haijawahi kupata apdeti. Ndio maana huwezi kutupa JPEG, unaiweka chini kama godoro. HTML ina kitu cha kufanya hivyo tangu zamani:

```
<picture>
  <source type="image/avif" srcset="raba-400.avif 400w, raba-800.avif 800w" sizes="50vw">
  <source type="image/webp" srcset="raba-400.webp 400w, raba-800.webp 800w" sizes="50vw">
  <img src="raba-400.jpg" width="400" height="300" alt="Raba nyeupe, saizi 41">
</picture>
```

Brauza inasoma kutoka juu. Ikijua AVIF inachukua hiyo na hizo zingine haizigusi, kwa hivyo usiogope kwamba mteja atapakua zote tatu. Ile `sizes="50vw"` inaiambia brauza kwamba kiatu kinachukua nusu ya skrini, na yenyewe inachagua kati ya ile ya 400 na ile ya 800. Na hizo `width` na `height` usiziache. Brauza inazitumia kuhifadhi nafasi kabla picha haijafika. Bila hizo, ukurasa unarukaruka picha zikiingia, mtu anataka kubonyeza raba anajipata amebonyeza sketi.

Kuna jambo moja JPEG inashinda hawa watoto wapya, na ni jambo la mtandao dhaifu haswa. JPEG inaweza kuhifadhiwa kwa njia ya hatua, kwamba picha nzima inatokea kwanza ikiwa na ukungu, halafu inaendelea kuwa safi data ikiingia. WebP inajijaza kutoka juu kwenda chini, kama pazia. AVIF kwa kawaida inakaa kimya hadi faili yote ifike, halafu inatokea paap. Ikiwa faili ni KB 12 hutajua hata. Lakini rudi kwa zile KB 900 za fundi: kila moja inahitaji sekunde 18 peke yake, na ziko 24 zinang'ang'ania njia moja. Hakuna inayomaliza, kwa hivyo hakuna inayoonekana. Hayo ndiyo yalikuwa maboksi meupe! Fomati bora kabisa ikiwa na vipimo vibaya ilimfanya mteja aone hewa, mahali JPEG mbaya ingemwonyesha angalau ukungu wa kiatu.

Kuhusu kugeuza, mambo mawili tu, kwa sababu naona watu wakikosea hapa kila siku. Ubadilishe kutoka picha ya asili ya kamera, usitoe ile imepita kwa WhatsApp. Ile ya WhatsApp imeshafinywa, iko na takataka zake za kufinywa, na AVIF yako itatumia nguvu kuhifadhi takataka kwa uaminifu. Nimeona WebP ikitoka nzito kuliko JPEG iliyotoka, kwa hiyo sababu. Ikitokea hivyo, weka ileile JPEG, hakuna aibu. Na namba ya ubora haifanani kati ya fomati. 75 ya JPEG sio 75 ya WebP na sio 75 ya AVIF, kila mmoja ana rula yake, kwa hivyo weka picha mbili kando kwa kando uangalie kwa jicho. Kama hutaki mambo ya komandi, `squoosh.app` inakuonyesha zote mbili na pazia katikati, na inafanya kazi ndani ya brauza yako, haitumi picha mahali. Kama unataka komandi, hizi ndizo nilitumia:

```
magick raba.jpg -auto-orient -resize 400x -strip raba-400.png
cwebp -q 75 raba-400.png -o raba-400.webp
avifenc -s 6 -q 55 raba-400.png raba-400.avif
```

Ile `-strip` inatoa taarifa zilizofichwa ndani ya picha, na kati ya hizo kunaweza kuwa na mahali simu ilikuwa wakati wa kupiga. Binamu yangu anapigia viatu picha chumbani kwake. Alikuwa ameweka mlango wa nyumba yake kwa saiti mara 24. Hiyo hata sio mambo ya kasi, lakini ikague leo.

Na tafadhali, kubadilisha `raba.jpg` iitwe `raba.webp` kwa mkono sio kugeuza. Nimeona saiti ya kulipiwa iliyofanywa hivyo. Picha inafunguka vizuri, kwa sababu brauza inaangalia ndani ya faili na kukuta JPEG, kwa hivyo hakuna anayeshtuka. Andika `file raba.webp` kwa terminali, itakwambia ukweli.

Basi, tuje kwa lazy, kwa sababu hapa ndio nimekasirika zaidi.

Wazo lenyewe ni zuri. Picha ambayo iko chini kabisa isipakuliwe hadi mtu aikaribie akiscroll. Kitambo ulihitaji JavaScript. Kuanzia Chrome 76 ya 2019 unaandika tu `loading="lazy"` kwa picha. Ni rahisi sana, na kwa sababu ni rahisi, watu wanaimwaga kila mahali. Fundi alikuwa ameiweka kwa picha zote 25. Ziko mbili za kuangalia.

Ya kwanza ni lile bango la juu. Brauza ina kitu ndani yake kinachokimbia mbele kusoma HTML mapema, kikiona picha kinaitisha papo hapo, hata kabla ukurasa haujapangwa. Ukiandika lazy, umemwambia huyo mkimbiaji asiiguse. Sasa brauza inabidi isubiri CSS ifike, ipange ukurasa, ijue hii picha iko wapi, igundue "kumbe iko hapa juu kabisa mbele ya macho", ndio iitishe. Kwa waifai ya ofisi hiyo ni kupepesa jicho. Kwa mtandao ambao kila ombi linaenda na kurudi polepole, ni sekunde kamili zinaongezwa kwa ile picha pekee ambayo mtu alikuwa anaingoja. Umemchelewesha mtu mwenye mtandao mbaya kwa jina la kumsaidia.

Na hii sio kitu nimejitungia. WordPress ilipotoa toleo 5.5 Agosti 2020 iliweka lazy kwa picha zenyewe, mamilioni ya saiti kwa mpigo mmoja. Baadaye wakapima, wakakuta picha za juu zimechelewa, na kwenye toleo 5.9 la Januari 2022 wakaitoa kwa picha ya kwanza ya makala. Watu wenye saiti nyingi kuliko wote duniani walirudi nyuma wakarekebisha. Fundi wetu bado anakopi ushauri wa 2020.

Bango linataka kinyume kabisa:

```
<img src="bango-800.jpg" width="800" height="400" fetchpriority="high" alt="Raba mpya wiki hii">
```

Hakuna lazy, na unaiambia brauza hii ndiyo ya kwanza. (Izungushie AVIF kwa `picture` kama pale juu. Nimefupisha tu.) Kama unataka kujua kama saiti yako ina huu ugonjwa, ipeleke PageSpeed Insights, utakuta inalalamika kwamba picha kubwa ya juu imewekewa lazy. Ni moja ya yale malalamiko yake ambayo sio ya kupuuza.

Ya pili ndiyo ilinichekesha. Nilidhani angalau zile picha za chini lazy imeziokoa. Nikafungua kwa ile 3G, bila kuscroll hata kidole, nikaangalia orodha ya `Network`. Picha zote 24 zinaitishwa! Nikafikiri nimekosea. Halafu nikakumbuka: Chrome haingoji picha iingie kwa skrini. Inaanza kuichukua ikiwa bado mbali, ndio isichelewe ukifika. Kwa mtandao wa 4G inaanza ikiwa imebaki pikseli 1250. Kwa 3G na chini yake, pikseli 2500, kwa sababu mtandao ukiwa mbaya inahitaji muda zaidi. Sasa piga hesabu. Mistari 12 ya viatu, kila mmoja kama pikseli 220 kwenda chini, ni 2640. Skrini yenyewe ni 640 hivi. 640 na 2500 ni 3140. Ukurasa wote na bango lake uko ndani ya hiyo. Kwa hivyo mtu wa mtandao mzuri aliokolewa picha kadhaa, na mtu wa mtandao mbaya, yule ambaye lazy iliwekwa kwa ajili yake, alipakuliwa zote MB 22. Kwa KB 50 kwa sekunde hiyo ni dakika saba na zaidi. Kama alikuwa na MB 50 za siku, karibu nusu zimeenda na hajaona kiatu.

Kwa ukurasa wa bidhaa 200, lazy inaokoa sana. Kwa ukurasa wa 24, kwa Chrome na 3G, ni pambo.

Na kuna kitu mafundi hawafikirii kabisa kwa sababu data yao iko on masaa yote. Watu wengi hapa wanawasha data, wanafungua kurasa tatu nne, wanazima data, halafu wanasoma polepole kwa matatu. Mathe anafanya hivyo. Nusu ya darasa langu la fomu four lilikuwa linafanya hivyo. Lazy inavunja hiyo tabia. Unascroll, unakuta mashimo, kwa sababu picha zilikuwa zinangoja ufike na ulipofika data ilikuwa off. Kwa mtu kama huyo, ukurasa mwepesi unaokuja mzima ni bora kuliko ukurasa mzito unaokuja kwa vipande. Ndio maana siku hizi nikitengeneza ukurasa mfupi wa picha ndogo, siweki lazy kabisa. Picha 24 za KB 12 ni KB 288. Njoo nazo zote, maliza, zima data, enda zako. Lazy naiacha kwa ukurasa mrefu, kuanzia picha ambazo ziko mbali kweli.

Nilimpigia fundi. Alikuwa mpole, sio mtu mbaya. Akaniambia, "Bro, lakini mteja hakuniambia nipunguze picha, aliniambia nitumie fomati mpya." Nikamuuliza kama amewahi kufungua hiyo saiti kwa simu ya binamu yangu. Akanyamaza. Halafu akasema kitu ambacho kimebaki kichwani: "Ripoti yangu ilikuwa kijani." Alikuwa amepimia ukurasa wa mawasiliano, ambao hauna picha.

Zamani kidogo Chrome kwa Android ilikuwa na Lite mode iliyokuwa inatusaidia kupunguza mzigo wa kurasa kama hizi. Google iliiondoa Machi 2022. Kwa hivyo ukituma MB 22, hiyo Chrome haizipunguzi tena njiani.

Tulikaa na binamu yangu Jumapili moja, saa mbili hivi, mandazi mezani. Tukatoa upya picha zote kutoka kwa simu yake, 400 na 800, AVIF na WebP na JPEG. Bango likawa KB 40 kwa AVIF, bila lazy. Picha moja ilitusumbua, bango la ofa lenye maandishi mekundu juu ya nyeusi. WebP iliyachafua kingo kwa sababu kwa ufinyaji wake wa kawaida inahifadhi rangi kwa nusu ya vipimo, na nyekundu ndiyo inaumia zaidi. Tukatoa maandishi kwa picha tukayaandika kwa HTML, ambayo ndio ilikuwa inafaa tangu mwanzo.

Picha zote za ukurasa sasa ni KB 328 kwa simu inayojua AVIF. Kwa kipimo kilekile cha KB 50, ni chini ya sekunde saba, na bango linaonekana kabla ya viatu. Kwa simu ya zamani inayochukua JPEG ni kama sekunde 14, ambayo sio furaha, lakini kila kiatu kinaonekana.

Status hajaacha. Anasema wateja wake wako huko, na yuko sahihi. Lakini jana alinitumia screenshot ya mtu aliyeagiza saizi 39 kupitia saiti, saa nne usiku, na chini ameandika: "leo imefunguka".

Wale mnauza saiti, wekeni link hapo chini. Nitazipima kwa kilobiti 400, na nitaweka namba bila kutaja jina la mtu.